Fahamu: Kwa nini moto hauokoi kiporo cha wali

Wali na maharage vikilala mezani usiku kucha, wengi huvipasha asubuhi wakiamini moto umemaliza kazi. Sivyo. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Chakula kikipoa taratibu, mbegu hizo huchipua, na bakteria huzaliana na kutoa sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Kutapika huanza saa 1 hadi 6 baada ya kula. Sumu hiyo haina harufu, kwa hiyo kunusa hakusaidii.

Kinga ni kupoza haraka: gawa chakula kwenye vyombo vipana vyenye kina kifupi, kisha kiingie friji ndani ya saa 2. Kesho kipashe mara moja tu, hadi katikati kifuke mvuke. Huna friji? Pika cha mlo mmoja. Kilicholala nje, kitupe.