Segmenti ya Sita ya Pafu na Mpaka Usioonekana

Mgonjwa aliyelala chali kwa muda mrefu, amelewa au hana fahamu, akipaliwa na mate au matapishi, majimaji hayo hayasambai ovyo ndani ya mapafu. Mara nyingi huishia upande wa kulia, nyuma, karibu na uti wa mgongo, na siku chache baadaye nimonia au jipu huota hapohapo. Mahali hapo pana jina. Ni segmenti ya juu ya lobu ya chini, ambayo madaktari wa kifua huiandika S6. Mwanafunzi wa anatomia akiielewa hii moja vizuri, zile nyingine hazimsumbui tena.

Tuanze na migawo mikubwa. Pafu la kulia lina lobu tatu: ya juu, ya kati na ya chini. La kushoto lina mbili, ya juu na ya chini, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo. Lobu hutenganishwa na mipasuo inayoonekana kwa macho. Mpasuo wa mshazari upo katika mapafu yote mawili. Mpasuo wa mlalo upo kulia tu, ukitenga lobu ya juu na ya kati.

Mipasuo hii unaweza kuichora juu ya ngozi. Mwombe mwenzako akae na kuinamisha kichwa. Pingili inayojitokeza zaidi chini ya shingo kwa kawaida ni ya saba ya shingo. Hesabu kushuka hadi pingili ya tatu ya kifua. Utajua umefika kwa sababu iko usawa wa mahali ambapo ule mwamba wa kombe la bega unaanzia, upande wa uti wa mgongo. Kutoka hapo mpasuo wa mshazari hushuka ukizunguka ubavuni, ukakutana na ubavu wa tano katikati ya kwapa, kisha ukaishia mbele kwenye ubavu wa sita. Ukitaka kuhakiki, mwambie aweke kiganja juu ya kichwa. Kombe la bega litageuka, na ukingo wake wa ndani utalala karibu sawasawa na mstari uliouchora.

Mpasuo wa mlalo ni rahisi zaidi. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari mpaka ukute kinundu. Kando yake ni ubavu wa pili. Shuka hadi wa nne, kisha chora mstari mnyoofu kuelekea kulia hadi ukutane na mpasuo wa mshazari chini ya kwapa. Kilicho kati ya mistari hiyo miwili, kwa mbele, ni lobu ya kati.

Tazama sasa mgongo. Chini ya mstari ule wa mshazari karibu kila kitu ni lobu ya chini. Ndiyo maana anayeweka stetoskopu kifuani kwa mbele pekee husikiliza zaidi lobu ya juu na ya kati, na nimonia ya lobu ya chini inaweza kumpita. S6 yenyewe imekaa takriban kati ya pingili ya tatu na ya saba ya kifua. Ncha ya chini ya kombe la bega hukuonyesha usawa wa pingili ya saba. Ili uisikie vizuri, mwambie mgonjwa ajikumbatie kwa mikono yote miwili, makombe yafunguke, kisha usikilize katikati ya kombe na uti wa mgongo. Kumbuka tu kwamba mistari hii ni ya makadirio. Husogea mtu anapovuta pumzi, na mipasuo yenyewe kwa watu wengi haikukamilika. Lobu mbili huweza kuwa zimeungana sehemu fulani.

Ndani ya kila lobu mna segmenti. Pafu la kulia lina kumi: tatu katika lobu ya juu, mbili katika ya kati, tano katika ya chini. La kushoto huhesabiwa kuwa na nane hadi kumi, kwa sababu baadhi ya matawi yake ya hewa huchipuka yakiwa yameungana. Kila segmenti ina umbo la piramidi: ncha yake inaelekea mlango wa pafu, kitako chake kiko usoni mwa pafu.

Mwaka 1932, Kramer na Glass, madaktari wa Marekani waliotafuta njia ya kujua jipu la pafu liko wapi hasa, walionyesha kwamba jipu hufuata eneo la tawi moja la hewa. Wao ndio waliolipa eneo hilo jina la segmenti. Mwaka 1939 Churchill na Belsey wakaeleza namna ya kuondoa segmenti peke yake kwa wagonjwa ambao matawi yao ya hewa yalikuwa yamepanuka na kujaa usaha. Mwaka 1943 Jackson na Huber wakapanga majina ambayo kwa sehemu kubwa tunayatumia hadi leo.

Kinachoifanya segmenti iondoleke ni mpangilio wa mabomba yake. Fikiria mashamba yaliyopakana. Kila shamba lina mfereji wake wa kuleta maji, unaopita katikati, ila mtaro wa kutolea maji umechimbwa mpakani na majirani wawili wanautumia pamoja. Katika segmenti, tawi la hewa na ateri hupita pamoja katikati na haviihudumii segmenti ya jirani. Vena, zinazorudisha damu moyoni, hupita mpakani na kukusanya damu ya pande zote mbili. Kwa hiyo mpaka ambao jicho haliuoni usoni mwa pafu, ndani yake umewekewa alama na vena.

Kwa S6 mpangilio huo unaeleza pia ule ugonjwa wa kupaliwa. Bomba kuu la hewa la kulia ni pana, fupi na limesimama wima kuliko la kushoto, basi kinachoingia vibaya huelekea kulia. Tawi la S6 ndilo la kwanza kuchipuka katika bomba la lobu ya chini, nalo huelekea nyuma moja kwa moja. Mtu akilala chali, mlango wake unakuwa chini, na majimaji hutiririka humo kwa uzito wake yenyewe. Kifua kikuu cha ukubwani nacho hupenda segmenti za kileleni na nyuma za lobu ya juu pamoja na hii S6. Kivuli mahali hapo katika picha ya eksirei kinatakiwa kumkumbusha daktari kupima makohozi.

Tuchukue sasa mfano wa upasuaji. Mzee wa miaka 64, aliyevuta sigara kwa miaka mingi, amekutwa katika kipimo cha siti skani na uvimbe wa milimita 14 ndani ya S6 ya kulia, karibu na uso wa pafu. Sampuli imeonyesha saratani, na hakuna dalili kwamba imesambaa. Njia ya zamani ni kuondoa lobu yote ya chini, yaani segmenti tano. Njia ya pili ni kuondoa S6 peke yake.

Daktari hufungua mpasuo wa mshazari, mahali ambapo ateri ya pafu hupita. Hutafuta tawi linaloelekea nyuma kwenda S6, ambalo huweza kuwa moja au mawili. Hapa pana mtego wa kwanza: kwa baadhi ya watu, ateri inayopanda kwenda segmenti ya nyuma ya lobu ya juu huchipuka kutoka kwenye tawi hilohilo. Akilifunga shinani, ameinyima damu segmenti ambayo hakukusudia kuigusa. Kwa sababu hiyo husoma picha za siti skani kwa makini kabla ya siku ya upasuaji, tawi kwa tawi.

Baada ya ateri hufuata tawi la hewa, lililo nyuma yake. Kabla ya kulikata, hulibana na kumwomba mtaalamu wa usingizi ajaze hewa pafuni. Lobu ya kati na segmenti nne za chini zikijaa vizuri, amebana tawi sahihi. Lobu ya kati isipojaa, amekaribia kukata tawi lisilo lake, maana matawi hayo mawili huchipuka karibu usawa mmoja.

Vena ndiyo inayodai uangalifu mkubwa kuliko yote. Tawi dogo linalotoka ndani ya S6 hufungwa. Yale ya mpakani huachwa, kwa kuwa yanaondoa damu ya segmenti za jirani. Yakifungwa, segmenti zilizobaki hufurika damu, huvimba, na mgonjwa huweza kukohoa damu.

Unabaki mpaka wenyewe. Njia mojawapo ya kuuona ni kudunga mshipani rangi ya indosianini, kisha kutazama kwa kamera yenye mwanga maalumu. Sehemu zenye ateri hung'aa. S6, ambayo ateri yake imefungwa, hubaki giza. Mng'ao hudumu dakika chache tu, hivyo daktari huchora mstari mara moja kwa kifaa cha umeme, kisha hukata na kushona kwa stepla akifuata alama hiyo. Pambizo ya pafu salama kuzunguka uvimbe inatakiwa isipungue sentimita 2, au isiwe ndogo kuliko uvimbe wenyewe. Tezi za limfu zilizo jirani nazo hupelekwa maabara mgonjwa akiwa bado mezani. Zikikutwa na saratani, au pambizo ikiwa nyembamba, kwa kawaida lobu yote huondolewa.

Je, kubakiza segmenti nne kunamfaa mgonjwa? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana, kwa sababu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha saratani ikirudi palepale mara nyingi zaidi kwa walioondolewa kipande kidogo. Mwaka 2022 utafiti wa Japani wenye wagonjwa 1,106, wote wakiwa na uvimbe usiozidi sentimita 2 karibu na uso wa pafu, ulileta picha nyingine. Baada ya miaka 5, asilimia 94.3 ya walioondolewa segmenti walikuwa hai, dhidi ya asilimia 91.1 ya walioondolewa lobu.

Matokeo hayo yana upande wa pili. Saratani ilirudi eneo lilelile kwa asilimia 10.5 ya walioondolewa segmenti, dhidi ya asilimia 5.4 ya wenzao. Kuvuja kwa hewa kwenye uso uliokatwa kulitokea zaidi, kwa kuwa hapa kisu kinapita katikati ya pafu lenyewe, tofauti na kupita kwenye mpasuo wa asili. Nguvu ya pumzi iliyookolewa nayo ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa mzee wetu, mwenye uvimbe wa milimita 14, mapafu yaliyochoshwa na moshi na tezi safi, kuondoa S6 ni uamuzi unaotetewa. Uvimbe wa sentimita 3, au uliokaa karibu na mlango wa pafu, usingeacha pambizo ya kutosha, na hapo lobu nzima ndiyo ingepaswa kutoka. Atahitaji kurudi kupimwa kwa siti skani kwa miaka kadhaa, na kila anayesoma picha hizo ataanza kwa kuutazama ule mstari wa stepla, kwa sababu saratani ikirudi eneo lilelile, ukingo uliokatwa ni mahali pa kwanza pa kushuku.