Choo Kipo, Mbona Mtoto Anahara?

Hivi karibuni tulikwenda kliniki ya mkoba katika kigango kimoja. Watoto walipokwisha kupimwa uzito, mhudumu wa afya wa kijiji hicho aliomba kusema na wazazi chini ya mwembe. Nasi wauguzi tukakaa kumsikiliza.

Kabla hajafika mbali, mama mmoja mwenye mtoto wa miezi 14 alinyosha mkono. "Mama, mimi choo ninacho, kina mlango na mfuniko. Mbona mwanangu amehara mara tatu tangu mvua zianze?"

"Huyo mwanao anakitumia?" aliuliza mhudumu. Watu wakacheka. Mama akaeleza kwamba mtoto hujisaidia uani, naye huzoa kwa jembe na kutupa migombani, kwani kinyesi cha mtoto anyonyaye si kitu.

"Hapo ndipo penye shida, mwanangu," alisema mhudumu. "Watoto wadogo huhara mara nyingi kuliko sisi, kwa hiyo kinyesi chao kina vijidudu vingi vya kuhara. Kuku wanachakura migombani kisha wanaingia jikoni. Inzi anatua huko, halafu anatua kwenye uji. Na mtoto anatambaa uani hapo hapo, mkono mdomoni." Akashauri mtoto azoeshwe kopo, na kila kinyesi kitumbukizwe chooni mara moja, pamoja na maji yaliyofulia nepi. Kisha tundu lifunikwe.

Halafu akauliza: ukishamtawaza mtoto, unanawa na nini? Wengi walijibu maji. Maji matupu, alisema, hayaondoi mafuta ya mkononi yanayoshika vijidudu. Alikuwa amekuja na kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu moja karibu na mdomo kwa msumari wa moto, likaning'inizwa kwenye mti wa kulalia. Kamba yatoka shingoni mwa dumu hadi kijiti cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, wala hulishiki kwa mkono mchafu. Tundu likiwa kubwa, maji yanakwisha upesi, na nyumba nyingi huacha hapo hapo. Sabuni aliitoboa katikati akaifunga kwa kamba, maana (sote tunajua) kunguru huiba.

"Na asiye na sabuni?" aliuliza mzee mmoja.

"Majivu, baba. Yasugue mpaka katikati ya vidole, halafu suuza. Usisubiri mpaka upate sabuni."

Baadaye tulimwangalia yule mtoto. Hakuwa na damu katika choo, macho hayakudidimia, na tulipobana ngozi ya tumbo ilirudi upesi. Tulimpa mama pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, tukamwambia aendelee kunyonyesha na kumlisha. Akiona damu, au mtoto akishindwa kunywa, asingoje kesho.