Kenchi ya Banda Dogo

Kenchi ya banda lenye upana wa sentimita 240 ina mbao nne: moja imelala chini, mbili zinapanda hadi kukutana kileleni, na kinguzo kifupi katikati. Wengi hudhani kinguzo ndicho kinachobeba kilele. La hasha: kazi yake ni kuining'iniza mbao ya chini isilegee. Kilele hubebwa na mbao mbili za mteremko zinazosukumana, na mbao ya chini huzizuia ncha zake zisipanuke.

Kadiri paa lilivyo bapa, ndivyo mbao ya chini inavyovutwa zaidi. Paa likipanda sentimita 60 ndani ya 120, fundi wa kilo 80 akikaa kileleni, mbao hiyo huvutwa kwa uzito kama wake mwenyewe. Kwenye paa la nyuzi 10, fundi yuleyule huivuta kwa zaidi ya kilo 220. Kwa hiyo maungio ya kona za chini ndiyo huachia kwanza.

Mteremko wa 60 kwa 120 ni nyuzi 26 na nusu hivi, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kipimapembe. Kwa mbao za upana wa sentimita 10, ncha ya mbao ya chini huwekwa alama sentimita 20 kwenye ukingo wa juu, kisha hukatwa mshazari hadi pembe ya chini kabisa. Mbao ya mteremko hulala juu ya mkato huo. Ukingo wake wa chini hupimwa sentimita 134 kutoka pembe hiyo hadi kileleni, na 34 zaidi kwa ajili ya upenu. Kileleni, ukingo wa juu huachwa urefuke kwa sentimita 5. Mbao zikiwa za upana wa 9, alama huwa 18 na 4.5, ni vyema kuzipima, kwa kuwa za dukani hutofautiana.

Kinguzo huwa na sentimita 50 katikati, na kichwa chake huchongwa pande mbili kufuata mteremko.

Maungio hufungwa kwa vibao vya plaiwudi ya milimita 12, pande zote mbili, kwa gundi na misumari ya inchi 2. Kibao cha kona huwa na urefu wa sentimita 40 hivi, nyuzinyuzi za uso wake zikifuata mbao ya chini. Misumari kumi kwenye mbao moja haisaidii ikiwa nyingine ina minne, maana ungio huachia upande dhaifu. Hupigwa kwa kupishana, kwani ikifuatana mstari mmoja hupasua mbao.

Kenchi zote huungwa sakafuni juu ya ramani moja iliyozungushiwa vipande vya mbao. Ya kwanza ikigeuzwa kifudifudi na isikae sawasawa ndani ya vipande hivyo, pande zake hazilingani, na ni lazima irekebishwe kabla ya kukata nyingine.