Kazi ya Pembeni na Wiki ya Tarehe 20

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam, tuseme, kila Jumamosi huwaandalia hesabu wenye maduka wawili wa Kariakoo. Sasa wakala wa ajira amempigia simu: kampuni ya kuuza bidhaa kwa jumla inamtaka kwa kazi ya kudumu. Wateja wake hataki kuwaacha. Aseme lini, na aseme nini?

Kwenye wasifu wake anaweza kuwataja kama uzoefu, bila majina. Kuomba kuendelea nao kunaweza kungoja mpaka kampuni ionyeshe nia ya kweli, ila kusivuke siku ya kusaini. Lakini kama mteja mmojawapo anashindana na kampuni hiyo, au huiuzia bidhaa, aseme tangu simu ya kwanza. Huo ni mgongano wa maslahi, na ukigundulika baadaye hakuna maelezo yatakayomwokoa.

Wengi husema, "Nina kabiashara kadogo tu, hakatasumbua." Kauli hii humtia mwajiri wasiwasi, kwa sababu haijibu anachotaka kujua: nikikuhitaji, nitakupata? Kwa mhasibu, swali hilo lina tarehe. Ritani ya VAT ya kila mwezi hutakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ikiwa maduka nayo yamesajiliwa VAT, yatakuwa yanamhitaji siku zilezile ambazo ofisi inamhitaji. Meneja wa fedha atakayekuwa kwenye usaili analijua hilo vizuri.

Basi mhasibu alianze mwenyewe: "Nina wateja wawili wa rejareja. Kazi yao naifanya Jumamosi asubuhi, kwa kompyuta yangu. Ritani zao nitakuwa nazimaliza kufikia tarehe 12, ili wiki ya tarehe 20 niwe wa ofisi peke yake. Ningependa kuendelea nao. Mkataba wenu unaruhusu?" Wanamlipa kiasi gani hana haja ya kueleza. Majina yao pia ayahifadhi. Anayetoa siri za wateja wa leo atadhaniwa kutoa za kampuni kesho.

Wakala akijibu "hakuna shida", asitulie. Wakala si mwajiri, na mikataba mingi ina kifungu kinachokataza kazi nyingine yenye malipo bila idhini ya maandishi. Siku hiyohiyo atume barua pepe yenye maelezo yaleyale, aombe idhini iambatanishwe na mkataba. Idhini hiyo itaje aina ya kazi na siku zake. "Ameruhusiwa kufanya biashara" ni maneno mapana mno. Akija meneja mpya atayasoma anavyotaka.

Kampuni nyingine zitakataa, hasa zenye zamu za Jumamosi. Jibu hilo ni nafuu alipate kabla hajaandika barua ya kuacha kazi anakotoka.