Jinsi Kompyuta Inavyojua Neno Limeanza

Mhariri akikuambia anataka makala ya maneno 500, programu ya kuandikia hukupa hesabu papo hapo. Lakini kompyuta haijui neno ni nini. Inachokiona ndani ya faili ni alama zinazofuatana: herufi, nafasi, vituo, na alama ya mwisho wa mstari, ambayo hatuioni kwenye skrini ingawa imo kama herufi nyingine yoyote.

Programu mashuhuri ya kuhesabu vitu hivi ni `wc`, iliyokuwamo katika mfumo wa Unix tangu toleo la kwanza la mwaka 1971. Hadi leo imo katika kompyuta za Linux na Mac. Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliweka programu ndogo ya aina hiyo katika kitabu chao cha lugha ya C cha mwaka 1978, na wanafunzi wengi wamejifunzia hapo.

Tuchukue faili yenye mistari miwili:

```
Chai  moto
na maandazi
```

Baada ya neno "Chai" kuna nafasi mbili, kosa la kawaida la vidole. Kila mstari unafungwa na alama yake ya mwisho. Alama na mistari ni rahisi: kila alama ikisomwa unaongeza moja, na kila ukikutana na mwisho wa mstari unaongeza moja upande wa mistari. Ugumu uko kwenye maneno. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuhesabu nafasi na miisho ya mistari, kwa kuwa ndiyo hutenganisha maneno. Hapa utapata nafasi tatu na miisho miwili, jumla tano, ilhali maneno ni manne. Nafasi moja ya ziada imezaa neno ambalo halipo.

Dawa yake ni programu kukumbuka jambo moja tu: sasa hivi niko ndani ya neno, au niko nje? Kumbukumbu hiyo inawekwa katika kigeu kimoja chenye thamani 0 au 1, ambacho hapa tumekiita `ndani`. Huanza kikiwa 0.

```c
while ((c = getchar()) != EOF) {
    alama++;
    if (c == '\n')
        mistari++;
    if (c == ' ' || c == '\t' || c == '\n')
        ndani = 0;
    else if (ndani == 0) {
        ndani = 1;
        maneno++;
    }
}
```

Fuata faili yetu. Inasomwa C, na `ndani` ni 0, basi inageuzwa kuwa 1 na neno la kwanza linahesabiwa. Herufi h, a na i zinapita bila kuongeza neno, kwa sababu tayari tumo ndani. Nafasi ya kwanza inarudisha `ndani` kuwa 0. Nafasi ya pili nayo inaiweka 0, lakini ilikwisha kuwa 0, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Ikija m ya "moto", neno la pili linahesabiwa. Mwishoni tunapata mistari 2, maneno 4 na alama 23.

Angalia kwamba neno linahesabiwa linapoanza, wala si linapokwisha. Mtu akisahau kubonyeza Enter baada ya "maandazi", faili itakatika hapo hapo. Programu inayongoja nafasi ndipo ihesabu ingelipoteza neno hilo. Hii yetu bado inatoa manne. Mistari ndiyo itakayosomeka 1, kwa kuwa kinachohesabiwa ni alama za mwisho wa mstari. `wc` yenyewe hufanya vivyo hivyo.

Faili zilizoandikwa kwenye Windows huleta shida nyingine. Huko mstari hufungwa kwa alama mbili, `\r` na kisha `\n`. Programu yetu haiitambui `\r`, hivyo ikisomea faili hiyo kwenye Linux, kila mstari mtupu utahesabiwa kuwa neno. Ukiona maneno yamezidi, na ziada inalingana na idadi ya mistari mitupu, umempata mchawi. Ongeza `c == '\r'` kwenye sharti la nafasi, na maneno yatarudi sawa. Alama zitabaki na moja ya ziada kwa kila mstari, maana kweli zimo ndani ya faili.

Tena, tunachokiita alama hapa kwa kweli ni baiti. Herufi za kawaida za Kiswahili huchukua baiti moja kila moja, kwa hiyo hesabu zinalingana. Lakini andika ng'ombe kwa kritiki iliyonyooka, utapata 7. Andika ng’ombe kwa ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, utapata 9, kwa sababu katika mfumo wa UTF-8 kritiki hiyo huchukua baiti tatu. Neno linabaki moja katika hali zote mbili. Kwenye `wc`, amri ya `wc -c` huhesabu baiti, na `wc -m` huhesabu alama zenyewe, mradi kompyuta imepangwa kutumia UTF-8. Mwandishi anayelipwa au kuwekewa kikomo kwa herufi atumie hiyo ya pili.