Keshia wa Mwezi na Noti ya Mia Mbili

Katika supamaketi yetu ndogo hapa Kisauni, mfanyakazi bora wa mwezi huu ni keshia wa kaunta ya pili, na sababu ni shilingi 200 zilizozidi.

Kila asubuhi keshia hukabidhiwa shilingi 3,000 za chenji. Jioni huhesabu droo, hutoa zile 3,000, kisha hulinganisha na ripoti ya mauzo ya fedha taslimu; za M-Pesa huhesabiwa kando. Jioni ile droo ilikuwa na 27,740. Zilibaki 24,740, lakini ripoti ilisema 24,540.

Pesa zikipungua, kila mtu hutafuta. Zikizidi, wengi hunyamaza. Yeye aliketi na nakala za risiti, akiangalia wateja waliolipa kwa noti kubwa. Risiti moja ilionyesha bidhaa za 640, zimelipwa kwa 1,000, chenji 360. Hapo akakumbuka: droo ilikuwa haina noti ya mia mbili, akampa bibi mmoja 160 na kumwomba asubiri. Foleni ikasonga, bibi akaondoka.

Akaifunga noti pamoja na nakala ya risiti ndani ya bahasha. Kesho yake bibi alipokuja kununua maziwa, akaambiwa, “Bibi, chenji yako ya jana.”

“Ala! Nami nilimlaumu kondakta wa matatu, mwanangu.”

Siku hizi chenji ikibaki, keshia huandika kiasi nyuma ya risiti ya mteja na kutia sahihi.