Kutembea, Kukimbia na Kuruka: Jinsi Miondoko Mitatu Inavyounganishwa

Mhusika wa mchezo wa kompyuta anayetembea, akaongeza kasi hadi akakimbia, kisha akaruka, huonekana kuwa na mwendo mmoja usiokatika. Kumbe ni vipande vitatu vya uhuishaji vilivyotengenezwa mbalimbali, na injini ya mchezo ndiyo inayoviunganisha wakati mchezaji anabonyeza vitufe. Aliyevitengeneza katika Blender hakujua vitufe hivyo vingebonyezwa lini wala kwa mpangilio gani. Kwa hiyo ulaini wa mwendo hutegemea sana namna vipande vilivyoandaliwa kabla faili halijatoka Blender. Makosa mengi yanayolaumiwa injini huwa yameanzia huko.

Mfano unaofuata unatumia Godot 4, injini ya bure inayopokea mhusika kutoka Blender kwa faili la aina ya glTF, lenye jina linaloishia na .glb. Katika Unity au Unreal mambo ni yaleyale, ila majina kwenye skrini ni mengine.

Kwanza ijulikane injini inachanganya nini. Mhusika wa pande tatu ana kiunzi cha mifupa chini ya ngozi yake, na kila kipande cha uhuishaji ni orodha ya pembe: katika sekunde fulani, kila mfupa umegeuka kiasi gani. Tuseme paja la kushoto limekwenda mbele digrii 20 katika kutembea, na digrii 40 katika kukimbia. Injini ikiambiwa ichukue nusu kwa nusu, italiweka paja kwenye digrii 30. Hufanya hivyo kwa kila mfupa, mara nyingi kwa sekunde, na hiyo ndiyo kazi yote. Haijui mguu ni nini, wala haijui ni mguu upi uliokanyaga ardhi.

Kutojua huko ndiko chanzo cha kasoro iliyo maarufu kuliko zote. Ikiwa kutembea kunaanza na mguu wa kushoto mbele, lakini kukimbia kunaanza na mguu huohuo nyuma, wastani wa digrii 20 mbele na digrii 40 nyuma ni digrii 10 nyuma. Mguu wa kulia nao utaishia karibu na hapo, upande wa mbele. Mhusika atakayeonekana hatembei wala hakimbii. Anasogea huku miguu imebanana, ikitetemeka kama ya mtu aliyefungwa kanga magotini. Dalili yake ni kwamba kutembea kwenyewe ni kuzuri na kukimbia kwenyewe ni kuzuri, ila kasi ya katikati ndiyo mbovu.

Dawa yake inapatikana Blender. Vipande vyote viwili vianze na tukio moja, kwa kawaida kisigino cha kushoto kikigusa ardhi, na kisigino cha kulia kiguse katikati kabisa ya duru. Kwa fremu 24 kwa sekunde, duru ya kutembea yenye fremu 24 inachukua sekunde moja: kushoto hugusa fremu ya 1, kulia fremu ya 13, na fremu ya 25 ni nakala ya ile ya kwanza ili duru ijifunge bila mshtuko. Duru ya kukimbia yenye fremu 16 hugusa kushoto fremu ya 1, kulia fremu ya 9, na hujifunga fremu ya 17. Urefu si lazima ulingane. Kinacholazimika kulingana ni sehemu ya duru ambamo kila mguu unagusa ardhi.

Maandalizi mengine ni mafupi. Miondoko yote itumie kiunzi kimoja, na ukubwa wa kiunzi uthibitishwe kwa Ctrl+A kabla ya kuanza kuhuisha. Kila mfupa uwekewe alama katika fremu ya kwanza ya kila kipande, hata ule usiosogea. Mfupa ulioachwa bila alama unaweza kubaki katika pozi la kipande kilichotangulia, na hapo ndipo mhusika huruka akiwa na mkono mmoja bado unakimbia. Mfupa wa mzizi nao usiende mbele. Mhusika atembee palepale alipo, kwa kuwa mwili utasukumwa na msimbo ndani ya injini.

Faili likishaingia Godot, kutembea na kukimbia huwekewa Loop Mode ya Linear katika dirisha la kuingizia faili, la sivyo mhusika atapiga hatua mbili na kuganda. Kisha huwekwa katika nodi ya BlendSpace1D, ambayo ni mstari mmoja wa kasi: kusimama kwenye 0, kutembea na kukimbia kila kimoja kwenye kasi yake halisi kwa mita kwa sekunde. Injini hupokea kasi ya sasa na kukadiria mchanganyo.

Hapo panazuka tatizo la muda. Duru moja ni ya sekunde 1, nyingine ni ya theluthi mbili za sekunde. Zikiachwa ziende kila moja kwa mwendo wake, zitapishana baada ya hatua chache, na ile kazi ya kulinganisha visigino itapotea. Unity hulinganisha urefu wa duru yenyewe ndani ya mchanganyo wake. Katika Godot, tangu toleo la 4.3, kila kipande kinaweza kuwashiwa Use Custom Timeline pamoja na Stretch Time Scale, na vyote viwili vikapewa urefu wa sekunde 1. Sync ya BlendSpace1D nayo iwashwe, ili kipande ambacho kwa sasa hakina uzito kisisimame na kuachwa nyuma. Kasi ya kweli ya miguu hurudishwa baadaye kwa nodi ya TimeScale.

Irudishwe kwa kiasi gani? Swali hili hujibiwa kwa kupima, kwani kukisia ndiko kunakoleta miguu inayoteleza kana kwamba ardhi imepakwa mafuta. Katika Blender mhusika hutembea palepale, kwa hiyo mguu uliokanyaga hurudi nyuma. Kasi yake ya kurudi nyuma ndiyo kasi ambayo mwili unapaswa kwenda mbele. Tuseme kati ya fremu ya 3 na ya 9, wayo ukiwa bapa ardhini, umerudi mita 0.35. Fremu sita ni robo sekunde, kwa hiyo kasi ya kutembea ni mita 1.4 kwa sekunde. Katika kukimbia, tuseme wayo umerudi mita 0.45 kwa fremu tatu: mita 3.6 kwa sekunde. Hizo ndizo namba za kuandikwa kwenye mstari wa BlendSpace1D. Zinatoa pia umbali wa duru moja: mita 1.4 kwa kutembea, na mita 2.4 kwa kukimbia, yaani 3.6 mara theluthi mbili.

Sasa mhusika aende kwa mita 2.5 kwa sekunde, katikati kabisa ya kasi hizo mbili. Mchanganyo ni nusu kwa nusu, na umbali wa duru unakaribia mita 1.9. Ili kwenda mita 2.5 kila sekunde anahitaji duru 1.32 kwa sekunde. Anayechukua wastani wa mwendo wa duru, yaani 1 na 1.5, angepata 1.25, na miguu ingeteleza kidogo. Njia sahihi ni kugawanya kasi kwa umbali wa duru:

```gdscript
var v = Vector2(velocity.x, velocity.z).length()
kasi = lerp(kasi, v, 1.0 - exp(-10.0 * delta))
var t = clamp((kasi - 1.4) / 2.2, 0.0, 1.0)
var duru = lerp(1.4, 2.4, t)
anim.set("parameters/Ardhini/Mwendo/blend_position", kasi)
anim.set("parameters/Ardhini/Mizani/scale", max(kasi, 1.4) / duru)
```

Hapa Ardhini ni mti mdogo wa mchanganyo, Mwendo ni BlendSpace1D na Mizani ni TimeScale. Mstari wa pili hulainisha kasi, ili mwili usibadilike kwa fremu moja mchezaji anapoachia kitufe ghafla. Chini ya mita 1.4, Mizani hubaki 1 na hatua hufupika zenyewe kadiri kusimama kunavyochukua uzito.

Hesabu hii ina kikomo. Msimbo wa mfano ambao Godot humpa mtumiaji una kasi ya mita 5 kwa sekunde. Kwa duru ya mita 2.4, Mizani itafika karibu 2.1, na mbio zilizohuishwa kwa 1.5 zitaharakishwa kwa karibu asilimia 40. Miguu haitateleza, lakini itapepea kama ya katuni. Ni afadhali kurudi Blender na kuhuisha mbio zenye hatua ndefu zaidi.

Kuruka ni jambo jingine. Hakuna uwiano wowote wa kisigino kati ya mtu aliye hewani na anayekimbia, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha, na wastani wa hali hizo mbili ni mtu anayepiga hatua hewani. Kuruka hakuwekwi kwenye mstari wa kasi. Huwekwa katika AnimationNodeStateMachine, ambamo mhusika huwa katika hali moja, kisha akahamia nyingine kwa mpito mfupi unaoitwa Xfade Time. Sekunde 0.1 hutosha kuondoka ardhini, ukifika 0.3, mhusika ataonekana bado anakimbia ilhali yuko juu.

Kipande cha kuruka hukatwa mara tatu: kujirusha, kukaa hewani na kutua. Sababu ni kwamba muda wa hewani haujulikani mapema. Kwa kasi ya kujirusha ya mita 4.5 kwa sekunde na mvutano wa 9.8, mhusika hupanda kama mita 1 na kurudi ardhini baada ya sekunde 0.92, ikiwa ardhi ni tambarare. Akiruka kutoka juu ya ukuta atakaa zaidi, na kipande kimoja kizima kingeisha akiwa bado anaanguka. Sehemu ya hewani kwa hiyo hujirudia hadi `is_on_floor()` iwe kweli. Mzizi wa kiunzi nao usipandishwe Blender. Kosa hili hutambulika upesi: umbo huruka mara mbili ya kimo kilichokusudiwa, huku kapsuli ya mgongano ikibaki chini yake.

Kujirusha kuwe kufupi. Wahuishaji hupenda kumchuchumaza mhusika kabla hajaruka, na katika filamu hupendeza, lakini mchezaji aliyebonyeza kitufe anataka kuondoka papo hapo. Fremu mbili au tatu zinatosha.

Ngazi nazo huleta usumbufu wake. Mhusika anayeshuka huachana na ardhi kwa fremu moja au mbili kila kidato, na hali ya hewani ikimdaka kila mara, mikono yake hurukaruka njia nzima. Kuongeza `floor_snap_length` husaidia. Pia mpito wa kwenda hewani uweza kusubiri sekunde 0.1 ikiwa kitufe cha kuruka hakikubonyezwa.

Kutua hutegemea kasi. Aliyeruka akiwa amesimama huchezewa kipande chote cha kutua, magoti yakikunjika na kunyooka. Aliyeruka akikimbia akichezewa kipande hicho, mwili utasonga mbele huku miguu imechuchumaa, na ule mtelezo utarudi. Kwa hiyo mpito wa kutoka hewani hugawanywa mara mbili kwa sharti la kasi: chini ya mita 1.4 kwa sekunde huenda kwenye kutua, na kuanzia hapo hurudi moja kwa moja Ardhini kwa sekunde 0.15.